Ya wiki ya mwisho hununuliwa wiki ya kwanza

Wewe uliyepangiwa kazi Mbeya mwezi huu, nakuomba usifanye nilichofanya mimi. Mshahara wangu wa kwanza niliupeleka sokoni Mwanjelwa siku ileile: debe la mahindi nikasaga lote dona, sado ya maharage, ndoo ya viazi. Nikajiona nimeumaliza mwezi. Wiki ya tatu dona lilikuwa chungu, viazi vimechipua, na maharage yananimalizia mkaa bila kuiva.

Dona husagwa pamoja na kiini cha punje, na kiini kina mafuta. Yakishasagwa huchacha. Siku hizi debe langu, kama kilo 18 hivi, nalihifadhi punje, na kila baada ya siku kumi napeleka mashineni kilo tano tu. Kabla ya kununua natafuna punje moja. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea chini ya jino, namwachia mwenyewe hata akipunguza bei, maana itaota ukungu ndani ya ndoo.

Maharage ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100. Chungu kilekile ulichozoea Dar hapa kitachelewa, na kama maharage ni ya msimu uliopita, ndiyo basi. Mama mwenye nyumba alipita jikoni kwangu saa tatu usiku akauliza, "Mwanangu, unachemsha mawe?" Ndiye aliyenifundisha kuuliza mavuno ya lini, kuloweka tangu jioni, na kuchemsha nusu kilo kwa mkupuo. Kwa mtu mmoja hiyo ni mboga ya siku mbili na zaidi. Yanayobaki nayachemsha upya asubuhi na jioni. Baridi ya Juni na Julai inasaidia, lakini nikiona povu au harufu ya uchachu, namwaga.

Viazi nunua vya wiki mbili tu, usivioshe, viweke gizani. Kiazi kilichogeuka kijani kitupe. Mboga za majani usinunue mapema kabisa. Tenga hela yake, chukua fungu la kila siku.

Sasa zile siku kumi kabla ya mshahara. Hapo napika kande: vikombe viwili vya mahindi ya debe lilelile na kimoja cha maharage, vyote vimelowekwa, moto mmoja, nakula kutwa nzima na kesho yake asubuhi. Siku nyingine ni ugali na usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, wamekaangwa kidogo na nyanya. Usipa hao nawanunua siku ya mshahara, nawaanika tena juani, nawafungia kwenye kopo lenye mfuniko. Juu ya kopo nimeandika 15. Kabla ya tarehe hiyo halifunguliwi, hata akija mgeni.