OR ni 2.25, mbona msimamizi hataki niandike "mara mbili"?

*"Nimepima wajawazito siku moja tu. OR ya upungufu wa damu kwa wasiomeza vidonge vya madini chuma ni 2.25. Kosa liko wapi?"*

Tuseme kati ya 100 wasiomeza, 60 wana upungufu wa damu; kati ya 100 wanaomeza, 40. Gawa 60 kwa 40: ni mara 1.5 tu, na hiyo ndiyo PR, uwiano wa viwango. OR hugawa wagonjwa kwa wazima ndani ya kila kundi kwanza, 60/40 dhidi ya 40/60, ndipo ikavimba hadi 2.25. Anayesema OR na PR ni mamoja amepatia nusu: ni pale tatizo likiwa nadra, chini ya 10% hivi.

Ripoti PR. Log-binomial hunigomea mara kwa mara, kwa hiyo kwenye Stata natumia:

```
poisson anemia hamezi, irr vce(robust)
```

Safu itaandikwa IRR, wewe isome PR. Ukisahau `vce(robust)`, CI itapanuka bure. Na andika "kiwango", si "hatari", hukuwafuatilia.

*"Mimi nilichagua wagonjwa 80 na wazima 80. Nibadilishe pia?"*

Hapana dada, hiyo 50% umeipanga mwenyewe. Baki na OR.