Wakili wa London na mirathi ya mtu nisiyemjua

"Wakili wa London ameniandikia kwamba tajiri mwenye jina la ukoo kama langu amefariki bila mrithi na kuacha pauni milioni 8. Anataka nitume pauni 450 za hati na nakala ya pasipoti. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usilipe wala usimjibu. Kwa sheria ya England, mtu akifa bila wosia, mali yake huenda kwa mwenzi wa ndoa na jamaa wa damu kwa mpangilio maalumu, na wasipopatikana huenda kwa Ufalme. Kufanana majina hakumpi mtu haki yoyote. Kwa hiyo anayekutaka ujitokeze kama mrithi wa mtu usiyemjua anakualika kwenye udanganyifu, hata kama angekuwa wakili kweli.

Mtego wenyewe ni hizo pauni 450. Gharama za mirathi kwa kawaida hukatwa kwenye mali ya marehemu, lakini hapa ukishalipa ya hati itazuka "kodi", kisha "ada ya benki", mpaka uchoke au uishiwe.

Unaweza kulitafuta jina lake kwenye daftari la Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia mawakili wa England, ila kulikuta humo hakutoshi, kwa sababu matapeli huazima majina ya mawakili halisi. Piga namba iliyo kwenye daftari, si ile iliyo kwenye barua.

Ikiwa pasipoti umeshaituma, iarifu benki yako leo na utoe taarifa polisi, ukiwa na barua hizo zote bila kuzifuta.