Bajeti ya robo ijayo: nifuate mstari au wastani wa gharama kwa lidi?

"Nina data ya miezi 6 ya kampeni. Matumizi (kwa maelfu) ni 10, 12, 13, 15, 16, 18 na lidi ni 203, 212, 234, 246, 268, 277. Nikivuta mstari napata lidi 932 robo ijayo, lakini nikichukua bajeti iliyotabiriwa nikagawa kwa wastani wa gharama ya lidi napata 1,077. Bosi anataka namba moja, nimpe ipi?"

Mpe ile ya 932, na hiyo 1,077 usiipeleke kabisa ndugu yangu, maana ukiahidi hiyo utabaki na pengo la lidi 145 na hutajua limetoka wapi.

Tatizo liko kwenye wastani. Umetumia 84,000 kwa lidi 1,440, kwa hiyo wastani ni kama 58.3 kwa lidi moja, sawa, ila hebu angalia mwezi kwa mwezi: mwezi wa kwanza ulilipa kama 49, mwezi wa sita umelipa 65. Bei inapanda, alafu wewe unaenda kununua lidi za robo ijayo kwa bei ya zamani.

Kwenye Excel weka miezi safu ya A kuanzia A2 (andika 1 mpaka 6, sio majina ya miezi), matumizi B, lidi C, kisha:

```
=FORECAST.LINEAR(7,C2:C7,A2:A7)
=FORECAST.LINEAR(7,B2:B7,A2:A7)
=SLOPE(C2:C7,B2:B7)
=INTERCEPT(C2:C7,B2:B7)
```

Ya kwanza inakupa lidi 295 za mwezi wa 7, ukibadilisha 7 kuwa 8 na 9 unapata 311 na 326, ndo hiyo 932 yako. Ya pili inatoa matumizi 19.4, kisha 20.9 na 22.5, jumla kama 62.8 yaani 62,800. Gawa hiyo kwa 932 unapata 67.4 kwa lidi, na hapo unaona namba zinaendana na bei ilivyokuwa ikipanda.

Sasa hizo mbili za mwisho ndo mimi nazipenda zaidi, kwasababu mstari wa kwanza unaamini lidi zinaongezeka kwa kuwa miezi inapita tu, wakati ukweli ni kwamba ulikuwa unaongeza hela kila mwezi. SLOPE inatoa 10 na INTERCEPT 100. Maana yake kila elfu moja unayoongeza inaleta lidi 10, kwa hiyo lidi ya ziada inakugharimu 100, sio 58! Hiyo ndo bei ya kumwambia bosi akisema "ongeza kidogo tu". Ila hiyo 100 ya INTERCEPT usiisome kwamba ukizima matangazo utapata lidi 100 za bure, hujawahi kutumia chini ya elfu 10 kwa mwezi, huko data yako haijafika.

Ukitumia 62.8 kwenye mstari huu unapata 300, yaani ile 100 mara miezi 3, na 628, jumla 928, karibu sawa na 932, so njia mbili zinakubaliana. Lakini tuseme fedha wakigoma, bajeti ibaki 18 kwa mwezi: mstari wa miezi bado utakwambia 932 kwa sababu haujui lolote kuhusu hela, huu wa matumizi utakwambia 280 kwa mwezi, yaani 840. Kama bajeti bado inajadiliwa, tumia huu wa pili.

Na bosi akitaka lidi 1,100? Hesabu inasema elfu 80, karibu 26.7 kwa mwezi. Hapo mimi ningesita, kiwango chako cha juu mpaka leo ni 18, na ukipanda hivyo watu walewale wanaanza kuona tangazo lilelile mara nyingi, mstari unalala na lidi ya ziada inazidi hiyo 100.

Kosa moja naliona sana: kugeuza safu kwenye SLOPE. Lidi zinatangulia, matumizi yanafuata. Ukiona 0.096 badala ya 10 ujue umegeuza. Pia hakikisha mwezi wa 6 umefungwa kweli, kama lidi za siku za mwisho bado zinaingia mstari utainama bila sababu.

Miezi 6 haiwezi kukuonyesha msimu, kwa hiyo kama una robo hiyohiyo ya mwaka jana iangalie pembeni kabla ya kutuma. Kwenye ripoti andika "kama 930, kwa bajeti ya 62,800", usiandike lidi bila bajeti yake. Mwezi wa 7 ukifungwa chukua matumizi halisi, zidisha kwa 10, ongeza 100, linganisha na lidi ulizopata. Miezi hii 6 mstari haujakosea zaidi ya lidi 8, kwa hiyo ukikosa kwa 25 au 30 kuna kitu kimebadilika kwenye kampeni, kitafute kwanza kabla hujaingiza huo mwezi kwenye fomula.