Kubadili toe kuwa gigajuli: kabla ya kuzidisha, angalia safu ya umeme

Swali: "Ripoti ya nishati ya taifa inaandika kila kitu kwa ktoe, mimi nahitaji GJ. Nizidishe kwa 41.868 au kwa 42? Nimeona zote mbili."

Tumia 41.868. Toe moja, yaani tani moja ya mafuta kwa kipimo cha nishati, imewekwa kuwa kilokalori milioni 10, na hizo ni GJ 41.868. Hiyo 42 ni ile ile iliyokadiriwa, na tofauti yake ni kama asilimia 0.3 tu.

Kinachovuruga zaidi ni hiyo "k". Toe moja ni GJ 41.868, lakini ktoe moja ni TJ 41.868, yaani GJ 41,868. Tuseme matumizi ya mwisho ni ktoe 15,240. Zidisha kwa 41.868 upate TJ 638,068, kisha zidisha kwa 1,000: GJ milioni 638. Mimi hugawanya kwa idadi ya watu papo hapo. Nchi ikiwa na watu milioni 30, kila mmoja anapata GJ 21 kwa mwaka, jambo linaloaminika. Ukipata 0.021 au 21,000, sifuri tatu zimepotea au zimezidi.

Usizidishe tani za kuni wala za makaa kwa 41.868. Toe ni kiasi cha nishati, si uzito wa kilichochomwa. Kuni zilizokauka hewani hutoa takriban GJ 15 kwa tani, hivyo tani 1,000 za kuni ni kama toe 358.

Sasa umeme, na hapa ndipo nakusihi usiwe na haraka. GWh moja ni TJ 3.6, sawa na ktoe 0.086. Tafuta mahali ripoti inapotoa umeme uleule kwa GWh na kwa ktoe, ugawanye. GWh 8,000 zikiandikwa ktoe 688, uwiano ni 0.086, kwa hiyo wametumia 41.868 na unaweza kuendelea.

Ila kwenye safu za nishati ya msingi uwiano hubadilika bila kosa lolote. Umeme wa maji huhesabiwa kama ulivyotoka mtamboni, 0.086. Nyuklia na jotoardhi huhesabiwa kwa joto lililoingia, na pasipo vipimo vya mtambo, utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati huchukulia ufanisi wa asilimia 33 kwa nyuklia na asilimia 10 kwa umeme wa jotoardhi. Kwa hiyo GWh 1,000 za jotoardhi huonekana kama ktoe 860, huku GWh 1,000 za maji zikiwa ktoe 86.

Ukizibadili hizo 860 utapata GJ milioni 36, na hesabu ni sahihi, lakini hilo ni joto la chini ya ardhi. Umeme uliofika kwenye nyaya ni GJ milioni 3.6. Kama unalinganisha vyanzo vya umeme, achana na ktoe za safu hiyo, anza na GWh na uzidishe kwa 3,600.