Waya wa Alumini Hauponi kwa Kukazwa

Juzi fundi mwenzangu kijana wa Bagamoyo ameniandikia. Nyumba ni ya zamani, waya wa alumini umeingizwa kwenye terminali ya shaba, na plastiki imeyeyuka. Ameikaza skrubu kwa nguvu zake zote, lakini imeungua tena. Sasa anauliza anunue bisibisi gani yenye nguvu zaidi. Mdogo wangu, weka bisibisi chini kwanza. Najua wewe na wengi mnaonisoma mnataka kuacha kubadilisha soketi na kuanza kukabidhiwa majengo mazima. Kwenye majengo hayo ya zamani mtakutana na alumini.

Nilikutana nayo kwenye ghorofa moja ya Ngamiani, hapa Tanga. Mpangaji wa juu alilalamika kwamba kila akipiga pasi huku hita ya maji imewashwa, taa zinapepesa. Mafundi waliotangulia walikuwa wamebadilisha breka na kuondoka. Waya unaopanda juu ulikuwa alumini ya 25 mm², umefungwa moja kwa moja kwenye terminali ya shaba ya meni swichi. Tukawasha vyombo hadi klampu mita ikasoma ampea 30. Nikavaa glavu, nikagusisha ncha moja ya mita kwenye waya na nyingine kwenye terminali. Ilisoma volti 1.2. Zidisha mara 30 upate wati 36 za joto, zote zimekusanyika kwenye kiungo kisichozidi ncha ya kidole. Breka haiwezi kuliona hilo, kwa sababu mkondo wenyewe haujazidi.

Chanzo ni hiki. Alumini ikiguswa na hewa huvaa papo hapo ngozi nyembamba ya oksidi, ngumu na isiyopitisha umeme. Pia ni laini, na ikipata joto hutanuka kuliko shaba. Ikiwa imebanwa na skrubu, haina pa kutanukia ila pembeni, na ikipoa haijazi tena nafasi yake. Ukiikaza zaidi unaibonda zaidi, hata kukata nyuzi. Kwenye mwanya huo huingia unyevu wenye chumvi wa pwani yetu, na alumini iliyogusana na shaba penye unyevu ndiyo inayoliwa.

Nilizima umeme, nikafunga swichi kwa kufuli, nikahakikisha kwa testa kwamba umekatika. Nikakata waya ulioungua hadi nikafikia nyuzi zinazong'aa. Ganda nililichonga kwa mshazari kama anayechonga penseli, kwa sababu kisu kikizungushwa huacha alama kwenye nyuzi na hapo ndipo zinapokatikia. Nikasugua kwa brashi ya waya ambayo haijawahi kugusa shaba, nikapaka grisi ya kuzuia oksidi papo hapo, kisha nikasugua tena juu ya grisi hiyohiyo ili hewa isipate nafasi. Grisi hii mara nyingi huwa na chembe za zinki zinazotoboa oksidi iliyobaki. Grisi ya gari au vaselini haiwezi kazi hii.

Kisha nikatumia lagi ya metali mbili: bomba lake ni la alumini, bapa lake ni la shaba, na vimeunganishwa kiwandani. Hivyo alumini inakutana na alumini, shaba na shaba. Waya uliingia hadi mwisho, nikaubana kwa mashine ya haidroliki yenye taya za namba iliyoandikwa kwenye lagi, nikianzia upande wa bapa. Bolti niliikaza kwa spana ya toki kwa kipimo cha mtengenezaji. Kama terminali yako ni ya tundu, kama zilivyo breka nyingi, ipo lagi yenye pini ya shaba badala ya bapa.

Nilipopima tena kwa ampea zilezile 30, volti 1.2 ilikuwa imeshuka hadi milivolti 6, yaani wati 0.18. Huo ni karibu upotevu wa sentimita 17 za waya huohuo mzima.

Mwenye nyumba alipoona bei ya lagi aliniambia mbele ya wapangaji kwamba ninamwibia, kwa sababu fundi aliyepita "alikaza tu." Liliniuma, na bado linaniuma. Lakini sikupunguza senti, wala ninyi msipunguze kwa kuacha lagi na kupaka grisi peke yake. Grisi peke yake haitoshi kuondoa oksidi usiyoisugua, wala haizuii alumini kutanuka.

Waya unaotoka kwenye nguzo hadi mita ya LUKU ni wa TANESCO. Ukiona umeungua upande huo, usivunje sili, wapigie simu. Na kama alumini ya ndani imekuwa fupi baada ya kukata, au inakatika ukiikunja kidogo, usiiunge. Vuta shaba mpya: 16 mm² hushika nafasi ya alumini ya 25 mm².