Maswali na majibu: Ombi la miadi linalofika kwenye shajara ya mkubwa

Mwenyekiti wa kikundi cha maji, Njoro: *Nilimwandikia afisa mkuu wa maji wa kaunti hivi: "Mkubwa, nimekupigia mara tano hushiki simu. Wananchi wamechoka. Nitakuja ofisini kesho saa nne na wenzangu, tafadhali usitoke. Ni muhimu sana." Ameusoma, kimya. Nimekosea wapi?*

Umemwandikia mtu ambaye hatashughulikia ujumbe wako. Hata ukiutuma kwenye simu yake mwenyewe, ataupitisha kwa katibu muhtasi amtafutie nafasi, na katibu muhtasi ana shajara yenye mstari mmoja kwa kila mgeni: ni nani, ana jambo gani, atachukua muda gani. Katika maneno yako hakuna hata moja la kuandika kwenye mstari huo. Hujataja jina la kikundi wala shida yenyewe. "Wenzangu" wanaweza kuwa wawili au mia mbili, na yakitanguliwa na "wananchi wamechoka", maneno hayo husomwa kama onyo la maandamano, kwa hiyo atakayearifiwa kwanza ni askari wa langoni. "Ni muhimu sana" huandikwa na kila mtu, ndiyo maana haimsogezi mtu yeyote mbele.

Nilimwomba mwenyekiti huyu anieleze kilichotokea, na ikabainika kwamba ana hoja nzito aliyoiacha nyumbani. Hivi ndivyo ningeiandika, nikitumia maelezo yake mwenyewe na kuyaacha majina:

> Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Maji, Kaunti ya Nakuru.
>
> KUH: OMBI LA MIADI YA DAKIKA 20 KUHUSU PAMPU YA KISIMA CHA KIKUNDI CHETU
>
> Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha maji ambacho kisima chake huhudumia nyumba zipatazo 140. Pampu iliharibika mwezi wa Februari. Tuliiandikia ofisi ya maji ya kaunti ndogo tarehe 4 Machi, na hadi leo hatujapata jibu. Nakala ya barua hiyo, yenye muhuri wa kupokelewa, imeambatishwa.
>
> Naomba nafasi ya dakika 20 ili tukueleze hali ya pampu na tufahamu iwapo matengenezo yake yamo katika bajeti ya mwaka huu wa fedha unaoisha tarehe 30 Juni. Tutafika watu watatu: mimi, katibu na mweka hazina. Jumanne au Alhamisi, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, ingetufaa, lakini tutaipokea siku yoyote utakayotupangia. Iwapo jambo hili liko mikononi mwa afisa mwingine, tutashukuru kuelekezwa kwake.
>
> Wako mwaminifu, (jina, cheo, nambari ya simu)

Itazame sentensi yenye neno "ili". Mwisho wake upo jambo ambalo afisa anaweza kulijibu: matengenezo yamo kwenye bajeti au hayamo. Hiyo ndiyo shabaha ya miadi, na ikikosekana utapewa chai na ahadi, kisha utarudi Njoro bila pampu. Hasira haikufutwa bali imegeuzwa kuwa tarehe, kwa kuwa Februari, Machi na muhuri wa ofisi vinamwonyesha msomaji uzembe ulipotokea bila wewe kuutamka. Zile simu tano nimeziondoa. Hazithibitishi lolote ila kwamba una salio.

Dakika 20 sikuziokota barabarani. Nimehesabu tano za kueleza, kumi za maswali yake na za kumwita mhandisi ikibidi, na tano za kukubaliana nani atafanya nini kufikia lini. Msiombe "dakika mbili tu" kwa kudhani ni unyenyekevu. Katibu muhtasi mzoefu anajua kwamba mgeni wa dakika mbili ndiye hukaa saa nzima, naye akishakaa hivyo mara moja, jina lake hukumbukwa.

Sentensi ya mwisho kabla ya sahihi ndiyo wengi huiacha kwa kuogopa kuonekana wadogo, nayo ndiyo husaidia zaidi. Mara nyingi faili lako liko kwa mkurugenzi au mhandisi, na mkubwa unayemkimbilia angelazimika kumwuliza huyo huyo. Ukimpa njia ya kukuelekeza, barua yako itahamia kwenye meza inayofaa badala ya kulala pale ilipo.

Mfanyabiashara, Kisumu: *Ni lazima barua, ama WhatsApp inatosha?*

Barua ndiyo ombi, nao ujumbe wa simu ni taarifa kwamba ombi limefika. Peleka barua masijala na nakala yako, nakala ipigwe muhuri wa tarehe, kisha utume maneno machache tu kwa nambari ya ofisi: "Habari za asubuhi. Leo tarehe 12 nimewasilisha masijala barua ya kuomba miadi ya dakika 15 kuhusu leseni ya kibanda changu. Nitashukuru kujulishwa siku itakayofaa." Usiongeze alama za kuuliza tatu saa mbili baadaye. Na nambari ya mkubwa uliyoichota kwenye kundi la michango ya matanga haikukupa ruhusa ya kumpigia usiku. Ulipewa ili uchange.

Msomaji, Nakuru: *Naweza kuandika kwamba nina "masuala mbalimbali" ya kujadili naye?*

Hapana. Nimelijibu swali hili hadi kalamu imechoka: anayeandika hivyo ama hajui anachotaka, ama anakijua na hataki kiandikwe, na ofisi huchukulia la pili.

Mhitimu, Kakamega: *Niko kwenye orodha ya watakaohojiwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Nataka kumwona mwenyekiti kabla ya siku hiyo. Niandike vipi kwa heshima?*

Usiandike. Soma tena tangazo la kazi, kwa kuwa matangazo ya bodi hizi kwa kawaida huonya kwamba mwombaji atakayewashawishi wanaoteua ataondolewa. Barua yenye adabu na dakika zilizohesabiwa vizuri ingekuwa tu ushahidi ulioutia sahihi mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyewasilisha zabuni ambayo bado inatathminiwa: maswali yake hupitia kwa maandishi kwenye anwani iliyotajwa katika hati za zabuni, na hakuna mlango mwingine. Atakayekuambia kwamba anaweza kukupangia kikao cha faragha kwa elfu kadhaa, mkimbie, maana anakuuzia kosa la jinai na stakabadhi hakupi.

Mkulima, Bungoma: *Nimemwandikia naibu kamishna wa kaunti: "Jirani amekula shamba langu. Nataka kukuona wiki hii, nikikosa nitakuja na waandishi wa habari." Je, ni kali sana?*

Ukali ni kosa la pili. La kwanza ni kwamba umebisha mlango usiofaa. Mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huamuliwa na msajili wa ardhi, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia hata mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa njia iliyowekwa na sheria hiyo. Naibu kamishna anaweza kuwatuliza mkikaribia kupigana, na hilo ni jukumu lake la usalama, lakini hawezi kukusogezea ua. Ungengoja wiki nyingi, uingie kwake kwa kishindo, kisha uambiwe uende ofisi ya ardhi.

Maneno ya kumpelekea msajili yawe ya kiasi hiki: "Mimi ni mmiliki wa kipande nambari (andika ya hati yako). Jirani yangu alihamisha ua mwezi wa Januari, na tunatofautiana kuhusu mahali pa mpaka. Naomba miadi ya dakika 15 ili nielekezwe namna ya kuwasilisha ombi rasmi la kuamuliwa kwa mpaka huo, pamoja na ada na stakabadhi zinazohitajika. Nitakuja peke yangu, nikiwa na nakala ya hati ya umiliki." Nimeandika "tunatofautiana" badala ya "amekula" kwa makusudi. Msajili ni mwamuzi, naye atamsikiliza jirani yako pia. Ukimtaka akubaliane nawe ndani ya ombi la miadi, unampa sababu ya kukuepuka.

Waandishi wa habari waache. Tishio katika ombi huiondoa barua kwenye shajara na kuipeleka kwa mwanasheria wa ofisi, ambako hakuna miadi. Aidha, kama haja yako ni kujua tu ada, hatua au hali ya faili, huenda hukuhitaji kumwona mtu yeyote. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 21; zikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Nusu ya miadi mnayoililia ni maswali ambayo yangejibiwa kwa karatasi moja.

Msomaji, Kisumu: *Niliandika kwa heshima, wiki mbili zimepita. Sasa nina ruhusa ya kuwa mkali?*

Una ruhusa ya kuwa mahususi zaidi. Andika tena, taja tarehe ya barua ya kwanza na nambari ya kumbukumbu kama ulipewa, kisha upunguze unachoomba: "Iwapo nafasi ya dakika 20 haipatikani, nitashukuru kwa dakika 10 na afisa utakayemteua, au kwa jibu la maandishi." Usieleze hadithi upya wala usiwaulize kama waliisoma. Wakinyamaza tena, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko kuhusu ofisi za umma zinazochelewa au zisizojibu. Hapo zile nakala mbili zenye muhuri ndizo zitakazokusemea, na ujumbe mmoja wa matusi uliotumwa usiku wa manane ndio utakaosomwa kwanza na upande wa pili.

Katibu wa chama cha ushirika, Molo: *Tulipewa dakika 15, mkubwa akachelewa saa nzima. Dakika zetu zinahesabiwa kuanzia lini?*

Kuanzia mnapoketi mbele yake, ila msishangae katibu muhtasi akiwanong'oneza mlangoni kwamba zimebaki tano. Msianze kulalamikia saa mliyongoja, maana mtaitumia yote hapo. Asemaye awe mmoja, aanze na ile sentensi ya "ili" kama ilivyo kwenye barua, aweke nakala mezani na aulize nani atafuatilia na kufikia tarehe ipi. Jibu liandikwe pale pale mbele yake.