Maswali na majibu: Shapu moja haijasema G

*"Mwalimu, nikiona shapu moja mwanzoni mwa mstari si ni G? Kwaya yangu inanibishia kila Jumamosi."*

Kwaya yako ina haki ya kukubishia. Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko namba yangu ya simu, na kila mara muulizaji amehesabu alama akaishia hapo. Shapu moja inakuambia jambo moja tu, kwamba kila F humo ndani ni F shapu. Baada ya hapo umebaki na nyumba mbili, G meja na E maina. Alama zimekufikisha mtaani. Mlango wa kugonga unautafuta mwenyewe.

Chukua karatasi ya sauti nne ya kawaida, baa 16, shapu moja. Usianze kusoma juu kushoto. Shuka hadi baa ya mwisho, tazama noti ya mwisho ya besi. Tuseme ni E. Hapo tayari G imeanza kutia shaka, maana besi ikimaliza wimbo hurudi nyumbani karibu kila mara, hata soprano akiamua kumalizia juu kwenye so au mi. Sasa rudi nyuma utafute D. Katika G meja, D ni so, inakaa ilivyo. Katika E maina, D iliyo chini tu ya nyumbani hupandishwa nusu toni ili iivute E. Kwa hiyo baa ya 3 ukikuta sauti ya tena ina D yenye shapu iliyoandikwa palepale ubavuni mwa noti, na noti inayofuata ni E, umepata shahidi wa pili. Baa ya 8 wimbo unapumzika kwenye kodi ya B, D shapu na F shapu (kodi ya muziki, si ile ya TRA), huyo ni shahidi wa tatu. Hii ni E maina.

Usishtuke baa ya 9 hadi ya 12 zikisikika kama G kabisa, D imerudi kuwa D na kila mtu amechangamka. Maina hupenda kwenda kumtembelea ndugu yake katikati ya wimbo, na vivyo hivyo wimbo wa G unaweza kuchungulia E maina kwa baa mbili ukaonyesha D shapu moja kisha ukarudi. Ndiyo maana D shapu moja peke yake haitoshi. Mwisho wa besi na D shapu zikikubaliana, weka kalamu chini.

Nilikuwa kijana, nimekabidhiwa kinanda Ijumaa Kuu, nikaona shapu moja nikawapa waimbaji kodi ya G iliyonona. Besi wakaingia na E yao sawasawa, soprano wakafuata kodi yangu wakaipata do pale walipotakiwa la. Tulisimama baa ya 2. Mwenyekiti wa kwaya hakusema neno, alinitazama tu.

*"Kuna njia ya haraka ya kujua meja bila kukariri jedwali?"*

Ipo, na ni ya zamani. Kwenye shapu, ile ya mwisho kulia ndiyo ti. Panda nusu toni, umefika do. Shapu tatu ni F, C, G. Ya mwisho ni G shapu, nusu toni juu ni A, basi meja ni A. Kwenye flati, ile ya pili kutoka mwisho ndiyo jina la do lenyewe. Flati nne ni B, E, A, D, ya pili kutoka mwisho ni A flati, basi meja ni A flati. Si A! Kila mwezi naletewa karatasi iliyoandikwa "kii A" juu ya flati nne, na mpiga gitaa anaingia na A yake mbichi.

*"Na flati ikiwa moja, ya pili kutoka mwisho iko wapi?"*

Haipo. Flati moja ni F meja au D maina, hiyo kariri.

*"Nilitafuta maina ndugu ya A meja, nikahesabu nusu toni tatu chini ya A nikapata G flati maina. Mwenzangu anasema F shapu. Kwani kwenye kinanda si kibonyezo kimoja?"*

Kibonyezo ni kimoja, jina si moja, na mwenzako ndiye aliyepatia. Kosa limetoka kwenye kuhesabu vibonyezo vyeusi na vyeupe bila kuangalia alama ulizopewa. Kii ya A ina F shapu, C shapu na G shapu. Humo hakuna flati hata ya dawa, sasa maina yake ingezaliwaje na jina la flati?

Acha kuhesabu nusu toni. Simama kwenye do, shuka ngazi mbili kwa kufuata alama za mwanzo wa mstari: do, ti, la. Kwenye A utashuka A, G shapu, F shapu. Umefika. Kwenye E flati utashuka E flati, D, C, kwa hiyo maina ndugu ni C. Kwenye B flati ni B flati, A, G. Herufi zinashuka moja moja bila kurukwa na bila kurudiwa, na jina linajitengeneza lenyewe. Wanaohesabu nusu toni hukosea pia kwa njia nyingine, huhesabu kibonyezo walichosimama kama cha kwanza, wakaishia nusu toni moja juu ya pale panapotakiwa. Ukipata kwamba maina ya C ni B flati, umefanya hivyo.

*"Ndugu wa G meja si G maina? Majina yanafanana."*

Hapana. Hao wanafanana jina, alama zao ziko mbali. G meja ina shapu moja, G maina ina flati mbili. Tazama Masiya ya Handel, ambayo kwaya nyingi zinajua angalau kipande kimoja chake: utangulizi wa ala uko E maina, shapu moja, na wimbo wa sauti ya tena unaofuata uko E meja, shapu nne. Nyumba ni E palepale, samani zote zimebadilishwa. Ndugu tunaowazungumzia hapa ni wale wanaotumia alama zilezile na kuhitilafiana nyumba.

*"Wimbo unaanza na noti ya G, kwa hiyo kii ni G?"*

Mwanzo hauamui. Nyimbo chungu nzima huanza na so.

*"Karatasi yetu ya solfa imeandikwa Do = G. Mpiga kinanda anang'ang'ania ni E maina. Nani anadanganya?"*

Hakuna anayedanganya, na swali hili limenifurahisha kuliko yote. Katika solfa ile tuliyoipokea kwenye makwaya, aliyoieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, do haihami wimbo ukiwa maina. Do inabaki ya meja, na wimbo wa maina unajenga nyumba yake kwenye la. Karatasi yako inasema ipate do kwenye G, halafu tazama mwisho: besi wanamaliza na la. La ya G ni E. Mpiga kinanda anaitaja nyumba, karatasi inakutajia mahali pa kupimia sauti.

Kwa hiyo nyinyi wa solfa mnaijua maina ndugu tangu utotoni, hamkuambiwa tu jina lake. Mkiona la ndiyo inayopumzikiwa, na mkiona "se" mahali pa so, ni maina. Ile "se" ndiyo D shapu niliyoisema kule juu, so iliyopandishwa ili iivute la. Onyo kwa walimu: wapo wanaoifuta "se" wakidhani mchapaji alikosea, wakaandika so. Kwaya inaimba, wimbo unalegea pale unapotakiwa kukaza, na lawama zinawaendea waimbaji wa tena. Msiifute.

Na anayesema maina ni ya msiba tu aimbe wimbo wa taifa wa Kenya. Sauti yake imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, uko kwenye maina, na unaimbwa kwenye viwanja vya mpira tangu 1963.

*"Wimbo una shapu moja, D shapu zipo, lakini kodi ya mwisho ina G shapu. Ni E meja?"*

Ni E maina bado. Watunzi wa zamani walipenda kumaliza wimbo wa maina kwa kodi ya meja, ile ya tatu inapandishwa mwishoni tu, kama mtu aliyenuna akaaga akitabasamu. Ndiyo maana nasema tazama noti ya besi, si uchangamfu wa kodi. Besi ni E kwa vyovyote.

Hapohapo niongeze ambalo hukuuliza. Mwisho wa wimbo si lazima uwe mwisho wa karatasi. Chini pakiandikwa D.C. al Fine, unarudi mwanzo na kumalizia palipoandikwa Fine, pengine ni katikati ya ukurasa wa kwanza. Watu wanasoma besi ya baa ya chini kabisa, wanakuta B, wananiletea "B maina ya shapu moja".

*"Hakuna alama yoyote mwanzoni. Ni C au A maina, basi?"*

Kwa kawaida ndiyo, ila kwanza mjue mwandishi. Programu za kuandikia noti hufungua ukurasa ukiwa hauna shapu wala flati, na vijana wengi wanaanza kuchapa bila kuchagua kii. Ukikuta kila B humo ndani ina flati yake imebandikwa ubavuni, ukurasa mzima, hiyo ni F au D maina iliyoandikwa kivivu. Bach naye ana tokata na fuga ya kinanda, BWV 538, iliyo D maina lakini haina flati mwanzoni, na kwa sababu hiyo watu wakaiita ya Dorian, jina la skeli ya kale inayoanzia D bila shapu wala flati. Yeye alifuata desturi ya wakati wake. Wewe wa kompyuta huna udhuru huo.

*"Tarumbeta yangu ina shapu tatu, kinanda kina moja. Nani kakosea kuchapa?"*

Hakuna. Tarumbeta ya B flati ikisoma C inatoka B flati, kwa hiyo karatasi yake huandikwa toni nzima juu, na hilo huongeza shapu mbili. Kinanda E maina, wewe F shapu maina. Ukipewa karatasi ya kinanda usiisome ilivyo. Na shapu zako zikilingana na zake, hapo ndipo uulize nani alichapa.